Haki ni Nini? Maswali ya Kisokrate na Fasili ya Neno Moja Darasani

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa haki ni nini, mara nyingi hujibu pasipo kusita kwamba haki ni kumpa kila mtu haki yake. Jibu hilo lina sura kamili ya fasili. Laweza kuandikwa ubaoni, likanakiliwa madaftarini, wala pasiwe na mtu wa kushtuka. Hata hivyo, neno linalofasiliwa limerudi lilivyo katika upande wa pili wa sentensi, na msikilizaji aliyekuwa hajui haki ni nini bado hajui. Jambo la ajabu si kwamba jibu hilo ni la mzunguko, bali ni kwamba mzunguko wenyewe hauonekani kwa urahisi. Sababu ya kutoonekana kwake imo katika lugha.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maswali ya namna aliyoitumia Sokrate yanavyoweza kumwongoza mwanafunzi kuijaribu fasili yake mwenyewe ya haki, aione kasoro yake, na kuirekebisha kwa nguvu zake. Mfano unaotumika ni wa mgawanyo wa shamba huko Nyaramba, katika nyanda za juu za Wagusii, kaunti ya Nyamira nchini Kenya. Shauri lenyewe na majibizano yake yametungwa kwa ajili ya maelezo, lakini desturi na sheria zinazotajwa ni za kweli. Mfano wa mirathi umechaguliwa kwa kuwa mwanafunzi wa huko huja darasani akiwa amekwisha kuusikia mjadala huo nyumbani, na kwa hiyo ana imani yake kuhusu jambo hilo. Bila imani ya namna hiyo, swali la Kisokrate halina kitu cha kushika.

Neno haki na maana zake

Neno haki limetoka katika Kiarabu, ambamo shina lake hubeba kwa pamoja maana ya ukweli, ya kitu kinachostahili, na ya dai ambalo mtu analo juu ya mwenzake. Kiswahili kimezipokea maana hizo bila kuzitenga kwa maneno mbalimbali. Mtu husema "ana haki ya kusikilizwa", akikusudia dai ambalo mtu fulani analo. Husema pia "mahakama imetenda haki", akikusudia sifa ya kitendo au ya hukumu. Tena husema "yeye ni mwenye haki", hasa katika lugha ya dini, akikusudia tabia ya mtu mwadilifu. Katika matumizi ya kwanza haki ni kitu alicho nacho mtu, katika ya pili ni namna ya kutenda, na katika ya tatu ni hulka.

Kwa kuwa neno hili limo katika ngeli ambayo umoja na wingi havibadili umbo la nomino, tofauti hiyo hujificha. Lakini upatanisho wa kisarufi huifichua. Yawezekana kusema "haki zake zimevunjwa", kwa maana ya madai mengi aliyo nayo mtu. Haiwezekani kusema "mahakama imetenda haki tatu" na kueleweka, kwa sababu haki ya namna ya pili haihesabiki. Vitenzi navyo huweka mpaka: haki ya kwanza hudaiwa, hupewa, na hunyimwa, ilhali haki ya pili hutendwa. Mwalimu akiwapa wanafunzi majaribio hayo mawili, la wingi na la kitenzi, wataweza wenyewe kuona kwamba katika sentensi "haki ni kumpa kila mtu haki yake" neno la kwanza ni la maana ya pili, na neno la mwisho ni la maana ya kwanza.

Hapo jibu lile la mwanafunzi hubadilika sura. Si mzunguko mtupu tena, bali ni dai kwamba haki ya kutenda hujengwa juu ya haki ya kudai. Swali la kwanza la kweli huzaliwa papo hapo: ni nini kinachomfanya mtu awe na dai? Mwanafunzi aliyefikia swali hilo amepiga hatua, ijapokuwa hajapata jibu lolote. Mwalimu asiyezitenga maana hizo tangu mwanzo atajikuta katikati ya mjadala mwanafunzi mmoja akizungumzia madai na mwingine akizungumzia uadilifu, kila mmoja akimshangaa mwenzake.

Mwendo wa maswali kwa Sokrate

Sokrate aliuawa kwa hukumu ya mahakama ya Athene mwaka 399 kabla ya Kristo, naye hakuandika kitabu. Mwendo wake wa kuuliza unajulikana hasa kutokana na majibizano yaliyoandikwa na mwanafunzi wake, Plato. Kitabu cha kwanza cha Jamhuri kinahusu swali hili hili la haki, na humo fasili tatu hutolewa moja baada ya nyingine.

Mzee Kefalo anafahamisha kwamba haki ni kusema kweli na kulipa deni. Sokrate anamwuliza: rafiki akikukabidhi silaha akiwa na akili timamu, kisha akapatwa na wazimu na kuja kuidai, je, utamrudishia? Wote wanakubali kwamba haifai. Polemarko, mwanawe, anaichukua hoja na kusema kwamba kumpa mtu anachostahili ni kuwatendea mema marafiki na mabaya maadui. Anaulizwa iwapo watu hukosea kuwajua marafiki zao, na iwapo kazi ya mtu mwenye haki yaweza kuwa kumfanya mwingine awe mbaya zaidi. Hatimaye Trasimako anadai kwa ukali kwamba haki ni manufaa ya mwenye nguvu. Yeye naye anaulizwa iwapo mtawala aweza kukosea na kuamuru jambo lisilo na manufaa kwake mwenyewe. Kitabu hicho cha kwanza hufungwa na Sokrate akikiri kwamba bado hajui haki ni nini.

Mwendo huo una hatua nne. Kwanza, mwulizwaji hutoa fasili anayoiamini yeye, si ile aliyoisikia kwa watu. Pili, mwulizaji hutafuta mambo mengine ambayo mwulizwaji huyo huyo anayakubali, hasa hukumu yake juu ya tukio moja mahususi. Tatu, huonyesha kwamba fasili na hukumu hiyo haziwezi kuwa kweli pamoja. Nne, mwulizwaji huamua ni lipi aliache na ni lipi alishike, kisha hutoa fasili mpya.

Hatua ya nne ndiyo ambayo walimu wengi huipita mbio. Ukinzani huonyesha tu kwamba mambo mawili hayapatani. Hauonyeshi lipi kati ya hayo mawili ni la uongo. Kefalo angeweza kushikilia fasili yake na kusema kwamba silaha irudishwe hata kwa mwenye wazimu. Hakufanya hivyo kwa sababu hukumu yake juu ya tukio lile ilikuwa na nguvu kuliko fasili yake. Mwanafunzi naye hana budi kuachiwa uamuzi huo, aseme wazi ni lipi lenye nguvu kwake na kwa sababu gani. Mwalimu akitangaza kwamba fasili imeanguka, amekwisha kumfanyia kazi iliyokuwa yake.

Shamba la ekari nne

Na ichukuliwe kwamba mzee mmoja wa karibu na Nyaramba amefariki bila wosia, akaacha ekari nne za ardhi, sehemu yake ikiwa na chai. Alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza alitangulia kufa, akaacha wana wawili. Mke wa pili yu hai, naye ana watoto watano, wana watatu na mabinti wawili. Mwalimu anawaeleza wanafunzi habari hizo, bila kutaja sheria yoyote, kisha anauliza ni mgawanyo upi ulio wa haki, na haki yenyewe ni nini.

Mwanafunzi wa kwanza: Mwalimu, haki ni kugawa sawasawa.

Mwalimu: Basi igawe. Nani atapata ngapi?

Mwanafunzi wa kwanza: Nyumba ni mbili. Kila nyumba ekari mbili.

Mwalimu: Katika nyumba ya kwanza, kila mwana atapata kiasi gani?

Mwanafunzi wa kwanza: Ekari moja.

Mwalimu: Na katika nyumba ya pili?

Mwanafunzi wa kwanza: Wana ni watatu. Kila mmoja theluthi mbili za ekari.

Mwalimu: Baba yao ni mmoja?

Mwanafunzi wa kwanza: Ni mmoja.

Mwalimu: Fasili ilisema sawasawa. Katika mgawanyo huu imetimizwa, au haikutimizwa?

Mwanafunzi wa kwanza: Kwa nyumba imetimizwa. Kwa wana haikutimizwa.

Mwanafunzi wa pili: Tena, mwalimu, mabinti hawakuhesabiwa kabisa.

Yafaa kusimama hapa na kuangalia kilichotokea. Mwanafunzi hakuambiwa kwamba amekosea. Jibu lake la kugawa kwa nyumba halikuwa la kijinga, kwani ndilo linalofuata desturi ya Wagusii, ambayo huhesabu nyumba ya kila mke, yaani enyomba, kuwa kitengo cha kurithi, na wana wa nyumba hiyo hugawana fungu lake. Alichokigundua ni kwamba neno "sawasawa" lina nafasi tupu ndani yake. Usawa ni wa nani kwa nani? Wa nyumba kwa nyumba, wa mwana kwa mwana, au wa mtoto kwa mtoto? Kila moja la majibu hayo hutoa hesabu yake, na usawa mmoja hauwezi kupatikana ila kwa kuvunja mwingine. Aristotle alilifikia jambo hilo hilo aliposema kwamba watu wote hukubali kuwa haki ni usawa kwa walio sawa, ila huhitilafiana juu ya jambo linalowafanya wawe sawa.

Mjadala huendelea.

Mwanafunzi wa pili: Mimi nasema haki ni kuwapa sawa wote walio watoto wa marehemu. Watoto ni saba. Kila mmoja apate sehemu moja ya saba ya ekari nne.

Mwanafunzi wa tatu: Lakini binti ataolewa, naye atapata ardhi kwa mumewe.

Mwalimu: Wewe basi unakubali kwamba watoto wagawiwe sawa, isipokuwa yule atakayepata ardhi kwingine?

Mwanafunzi wa tatu: Naam.

Mwalimu: Mwana wa nyumba ya kwanza amekwenda Nairobi, akanunua kiwanja huko. Je, fungu lake lipunguzwe?

Mwanafunzi wa tatu: Hapana, yeye ni mwana.

Mwalimu: Na binti aliyefika umri wa miaka hamsini bila kuolewa?

Mwanafunzi wa tatu: Huyo... yeye apewe.

Mwalimu: Ulitaja sababu moja, kupata ardhi kwingine. Je, ndiyo sababu iliyokuongoza katika majibu haya mawili?

Mwanafunzi wa tatu: Katika jibu la binti, ndiyo. Katika jibu la mwana, siyo.

Mbinu iliyotumika hapa ni rahisi kuieleza, ijapokuwa si rahisi kuitumia. Mwalimu alichukua sababu aliyoitoa mwanafunzi mwenyewe, akaihamisha kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, akauliza kama bado ina nguvu. Sababu ya kweli huhama pamoja na hali inayoitaja. Sababu iliyo kisingizio hubaki kwa mtu aliyekusudiwa tangu mwanzo. Hoja ya namna hiyo imekwisha kupimwa hata mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikisikiliza shauri la mirathi ya mtu aliyekuwa na nyumba mbili, ilitengua mgawanyo uliowapa mabinti ardhi ndogo mno kuliko wana, nayo haikukubali kwamba uwezekano wa binti kuolewa ni sababu ya kutosha ya kumpunguzia fungu.

Mwanafunzi wa nne huleta sababu ya aina nyingine. Anasema kwamba mwana mkubwa ndiye aliyepanda chai, akaipalilia, na kuipogoa miaka yote baba alipokuwa mgonjwa. Haki, asema, ni kila mtu apate kwa kadiri ya jasho lake. Katika eneo la chai fasili hii ina mashiko, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa kilo, na hakuna anayeona vibaya mwenye kilo nyingi akipata zaidi. Mwalimu anauliza: kitinda mimba ana umri wa miaka sita, hajachuma jani hata moja. Je, asipate kitu? Mwanafunzi anakataa. Anaulizwa tena: je, mchumaji wa kibarua aliyechuma katika shamba hilo kwa miaka kumi arithi ardhi? Anakataa tena. Kisha, baada ya kufikiri, anatenga mambo mawili ambayo hakuna aliyemwambia ayatenge: chai ni jasho la kaka, ardhi ni ya baba. Kaka alipwe kwa chai aliyoipanda, lakini ardhi igawanywe kwa sababu ya uzazi.

Hapo darasa limefikia fasili isiyofanana na ile ya kwanza. Kwa maneno ya wanafunzi yaliyokusanywa ubaoni, yaweza kusomeka hivi: haki katika kugawa ni kumpa kila mtu fungu kwa sababu inayohusiana na kitu kinachogawanywa, na sababu hiyo itumike kwa kila aliye nayo, bila kubagua. Fasili hii si ya mwisho, lakini ina faida mbili juu ya "kumpa kila mtu haki yake". Haina mzunguko, na yaweza kukanushwa kwa mfano, jambo ambalo ile ya kwanza haikuruhusu.

Sheria iingie lini?

Mwalimu atashawishika kuleta sheria mapema, ili amalize ubishi. Kufanya hivyo ni kuufunga mlango wa uchunguzi, kwa maana wanafunzi wataacha kuuliza lililo la haki, wataanza kuuliza lililoandikwa. Sheria ina mahali pake pa kufaa mwishoni, ambapo yenyewe huwekwa mbele ya fasili ili ipimwe.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilitungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu chake cha 40 humhusu mtu aliyekuwa na wake zaidi ya mmoja na kufa bila wosia. Kwa kifungu hicho mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, lakini kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huongezwa kuwa kichwa kimoja zaidi. Katika mfano wa ekari nne, nyumba ya kwanza ina vichwa viwili, na ya pili ina vichwa sita, yaani watoto watano na mama yao. Jumla ni vichwa vinane, na kila kichwa ni nusu ekari. Nyumba ya kwanza itapata ekari moja, na ya pili ekari tatu. Ndani ya nyumba ya pili mama ana haki ya kulitumia fungu hilo maishani mwake kwa masharti ya sheria, kabla ya watoto kuligawana.

Wanafunzi wakiifanya hesabu hiyo wenyewe, wataona mambo ambayo mwalimu hana haja ya kuyasema. Desturi iliwapa wana wa nyumba ya kwanza ekari moja kila mmoja, na sheria inawapa nusu. Mabinti, ambao desturi haikuwahesabu, wamehesabiwa. Hata hivyo, usawa wa mtoto kwa mtoto haukupatikana kikamilifu, kwa sababu kichwa cha mama kimeongeza fungu la nyumba yake. Watoto wake watakapogawana ekari tatu, kila mmoja atapata sehemu tatu za tano za ekari, ilhali ndugu zao wa nyumba ya kwanza wana nusu. Je, ni haki? Mwanafunzi mmoja aweza kusema kwamba mjane anahitaji kuishi, na mama wa nyumba ya kwanza hahitaji tena. Mwingine aweza kuuliza kwa nini basi fungu la mjane lisirudi kwa watoto wote saba baada yake. Maswali hayo mawili yanaijaribu sheria kwa kipimo kile kile kilichojaribu desturi, na hiyo ndiyo alama ya kuwa wanafunzi wameipata mbinu.

Kasoro zinazojitokeza

Kasoro ya kwanza ni swali lenye jibu tumboni mwake. Kiswahili kina miundo inayotaka kukubaliwa, kama vile "si kweli kwamba...?" na "...sivyo?". Mwalimu anayezoea miundo hiyo huhutubia huku akidhani anauliza. Dalili yake husikika kwa urahisi: maneno ya mwalimu huzidi kurefuka, na majibu ya wanafunzi huzidi kufupika hadi kubaki "ndiyo, mwalimu". Plato mwenyewe hakuepuka lawama hiyo, kwani katika vitabu vyake wako waulizwaji wasiofanya zaidi ya kuitikia. Dawa yake ni kumtaka mwanafunzi aieleze hoja kwa maneno yake, kisha atoe mfano mpya ambao haujatajwa darasani. Asipoweza, alikubali bila kuelewa.

Jambo hilo lina mfano wake katika falsafa ya Kenya. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, alifanya mahojiano na wazee wenye hekima wa makabila mbalimbali, akichapisha kitabu chake juu ya falsafa hiyo ya wahenga mwaka 1990. Alitaka kumtenga mzee anayejua na kuhifadhi mafundisho ya jamii yake na yule anayeyapima kwa akili yake mwenyewe, na maswali ya mhojaji ndiyo yaliyotumika kuonyesha tofauti hiyo. Mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nijeria aliuliza, mwaka 1981, kama mawazo yanayotoka katika mahojiano ya namna hiyo ni ya mzee au ni ya yule msomi aliyemwuliza. Swali la Bodunrin lawahusu walimu pia. Fasili iliyoandikwa ubaoni ni ya nani?

Kasoro ya pili ni ya adabu. Katika jamii ambamo mtoto hambishii mkubwa, swali la pili na la tatu kutoka kwa mwalimu huchukuliwa kuwa karipio. Mwanafunzi hunyamaza, au hubadili jibu kwa heshima, na mwalimu hudhani kwamba ameshawishika. Lugha yaweza kusaidia. Badala ya kusema "wewe umesema", mwalimu aseme "fasili hii yasemaje juu ya binti huyu?" Hapo kinachoulizwa ni sentensi iliyo ubaoni, si mtu aliyeitoa, na hata aliyeitoa aweza kujiunga na wanaoijaribu. Aidha, mwanafunzi aruhusiwe kumwuliza mwalimu maswali ya namna ile ile, na mwalimu akubali kushindwa inapobidi. Trasimako alipobanwa katika Jamhuri aliendelea kuitikia kwa kumridhisha tu msemaji, na tangu hapo majibu yake hayakuthibitisha kitu.

Kasoro ya tatu hujitokeza mwishoni. Wanafunzi walioona fasili nne zikianguka huenda wakahitimisha kwamba haki ni maoni ya kila mtu. Hitimisho hilo halifuati. Kila fasili ilianguka kwa sababu darasa zima lilikubaliana juu ya tukio fulani, kwamba kitinda mimba asinyimwe, kwamba kibarua asirithi. Kama haki ingekuwa maoni matupu, makubaliano hayo yasingepatikana, na hakuna fasili ambayo ingeweza kuangushwa. Kwa hiyo mwalimu abakize ubaoni orodha mbili: fasili zilizoachwa, na hukumu ambazo hakuna aliyekuwa tayari kuziacha. Orodha ya pili ndiyo mavuno ya kipindi.

Hatima

Fasili iliyopatikana katika mfano huu inahusu kugawa peke yake. Haisemi lolote juu ya adhabu ya mwizi, wala juu ya fidia ya aliyedhulumiwa, na haijibu ni nani mwenye mamlaka ya kuamua ipi ni sababu inayohusiana na kitu kinachogawanywa. Wazee walioketi chini ya mti, hakimu, na watoto wenyewe wa marehemu waweza kila mmoja kudai mamlaka hayo. Mwanafunzi anayelitambua pengo hilo ana swali la kuanzia kipindi kijacho.

Lipo pia zoezi moja linalofaa kuachiwa wanafunzi wa Nyaramba waende nalo nyumbani. Wawaulize wazee neno la Ekegusii wanalolitumia wanaposema kwamba shauri limeamuliwa kwa haki, kisha walipitishe neno hilo katika majaribio yale mawili, la wingi na la kitenzi. Wakigundua kwamba Ekegusii hutumia maneno mawili mahali ambapo Kiswahili hutumia moja, au kwamba neno lake halidaiwi bali hutendwa tu, watakuwa na jambo la kumfundisha mwalimu wao.